Usikatiwe kunde, na nyanya ingoje

Wacha nikuulize swali moja kabla hujapitisha kidole juu ya simu uende kwingine. Mara ya mwisho kula kunde ama seveve mjini ilikuwaje? Najua jibu la wengi wenu. Kunde zilikuwa ngumu kama kamba ya katani, ukatafuna mpaka taya zikachoka, halafu ukameza tu kwa sababu ugali ulikuwa unapoa. Seveve nazo zilikuwa na nyuzi zinazoingia katikati ya meno, ukaanza kutafuta kijiti cha kibiriti. Tangu siku hiyo umerudi kwa sukuma wiki na ukasema mboga za kienyeji ni za wazee.

Mimi nasema mboga haina makosa. Makosa ni yetu, na yako mahali pawili tu: tunakatiwa mboga kabla hazijachambuliwa, na tunatia nyanya mapema. Nimejifunza haya kwa aibu, kwa hivyo nisikilize.

Mwaka jana nyanya yangu, ambaye kwetu Kakamega tunamwita kukhu, alikuja Nairobi kuonwa na daktari wa macho. Alilala kwangu siku nne, kwa hii bedsita yangu ya Kangemi. Mnaonisoma hapa mnajua niliacha chuo mwaka wa pili. Msichojua ni kwamba karo ya muhula wa kwanza ilitoka kwa ndama wa kukhu. Kwa hivyo alipokuja, nilitaka aone kwamba kijana wake anajiweza. Anapika, analipa kodi, halali njaa. Jioni ya kwanza nikanunua kunde na seveve, chakula anachokipenda kuliko nyama. Mama mboga akanikatia zote pamoja, nyembamba kabisa kama sukuma, akazitia kwa karatasi. Nikafika nyumbani, nikakaanga kitunguu, nikatia nyanya tatu, nikamwaga mboga juu, nikafunika. Dakika kumi baadaye nikapakua.

Kukhu ana meno machache. Alitafuna tonge la kwanza muda mrefu sana. La pili akalitoa polepole mdomoni, akaliweka pembeni mwa sahani akidhani sioni. Alimaliza ugali kwa kuuchovya kwenye supu ya ile mboga. Hakusema neno. Hakuwa ameniuliza kuhusu chuo, na sasa hakuniuliza kuhusu mboga. Ningependa angenigombeza.

Asubuhi aliniambia, "Kijana, leo ulete mboga zenyewe. Zisiguswe kisu." Hiyo siku ndiyo nilienda shule.

Tuanze na seveve, ambayo Kiswahili cha vitabu huita majani ya malenge ama maboga. Jani la seveve lina kikonyo kirefu, kile kijiti kilicho wazi katikati kama mrija. Kwa nje ya kikonyo kuna ngozi yenye vinyweleo vinavyokwaruza, na chini ya ngozi hiyo kuna nyuzi zinazotembea kutoka mwisho wa kikonyo mpaka ndani ya mishipa ya jani. Hizo nyuzi ndizo adui wako. Hazilainiki kwa moto. Unaweza kuchemsha mpaka jani liyeyuke liwe uji, nyuzi zitabaki pale pale zikikungoja. Kwa hivyo dawa ya nyuzi si gesi zaidi. Dawa ni mkono.

Kukhu alinionyesha hivi. Unalishika jani likiwa limeinama, kikonyo kikiangalia juu. Unavunja ncha ya kikonyo kidogo tu, karibu upana wa ukucha, lakini huikati kabisa. Unaiacha ikining'inia kwa ngozi yake. Kisha unaivuta kuelekea jani, polepole, na utaona uzi mrefu wa kijani unatoka na ngozi yake. Usiachilie ukifika pale kikonyo kinapokutana na jani. Endelea kuvuta, kwa sababu uzi huo unaingia kwenye mshipa wa upande wa nyuma wa jani, na hapo ndipo wengi huachia. Ukishautoa, zungusha kikonyo, vunja tena ncha, vuta upande mwingine. Mara tatu ama nne jani limekwisha.

Utajuaje limekwisha? Kikonyo kilichotolewa nyuzi kinang'aa, kina rangi ya kijani hafifu kama kimelowa maji, na hakikwaruzi kidole. Kivunje katikati. Kikikatika "kach" mara moja, kiko sawa. Kikivunjika lakini vipande viwili vikabaki vimeshikana kwa uzi, rudia. Kama kikonyo ni kikubwa kama kidole chako na kimekauka, usijisumbue, kitupe na ubaki na jani. Vile vikono vyembamba vinavyojipinda kama waya wa simu ya zamani pia tupa, isipokuwa vile vichanga kabisa vya kwenye ncha.

Ukinunua, jani zuri halizidi sana kiganja chako, na yale ya kwenye ncha bado yamejikunja kidogo. Jani lililopanuka kama sahani limekomaa, na hata ukilichambua vipi mishipa yake itakusumbua.

Kunde ni hadithi nyingine. Waluhya huita likhubi, Wajaluo wakaita boo, lakini kwa kibanda cha mtaa utasikia kunde tu. Hapa hakuna uzi wa kuvuta. Angalia vizuri, utaona kwamba kila kikonyo kimebeba majani matatu. Kazi yako ni kunyofoa yale majani matatu na kukiacha kikonyo. Ni kikonyo hicho ndicho kinachofanya kunde ziitwe ngumu. Mama mboga akizikusanya na kuzikata zote pamoja, anakata vikonyo na mashina vipande vidogo vidogo ambavyo huwezi tena kuvitoa. Umenunua kijiti kilichosagwa, halafu unalaumu kunde.

Kuna kunde zinazouzwa zikiwa zimeng'olewa na mizizi yake, miche michanga. Hizo ndizo tamu zaidi. Kata mzizi na shina la chini, halafu shika shina linalobaki na ulikunje. Likivunjika bila kung'ang'ana, linalika pamoja na majani ya ncha. Likijipinda tu kama waya, linaenda kwa takataka. Na jani lenyewe lipime mkononi: likunje na kulifinya. Likiwa laini kama kitambaa, ni changa. Likitoa sauti kama gazeti, limekomaa na litataka muda mrefu kwa moto. Matundu madogo ya wadudu hayana shida. Rangi ya manjano ndiyo ya kukwepa.

Baada ya kuchambua ndipo unaosha, na baada ya kuosha ndipo unakata, tena kubwa kubwa. Ukikata kwanza halafu uoshe, vitamini C na vingine vinavyoyeyuka kwa maji vinaenda na maji ya karai. Seveve zisugue kidogo kati ya viganja ukiziosha, vile vinyweleo vilivyobaki vitalegea. Moto utamalizia.

Sasa tufike kwa kosa la pili, lile ambalo hata watu wanaojua kuchambua hulifanya. Nyanya.

Sisi vijana wa mjini tumejifunza fomula moja ya kupika kila kitu. Kitunguu, nyanya, mboga, funika. Kwa sukuma inakubali, kwa sababu sukuma ikikatwa nyembamba haina mambo mengi. Kwa kunde inaharibu. Majani yameshikiliwa pamoja na kitu kama gundi kati ya vijumba vyake vidogo, na kuiva kwa mboga ni ile gundi kulegea. Nyanya ina asidi, na asidi huifanya gundi hiyo ikatae kulegea. Ndiyo sababu unaweza kupika kunde na nyanya dakika 40 na bado utafune. Asidi hiyo hiyo ndiyo hugeuza kijani kizuri kuwa rangi ya khaki. Maharagwe hufanya vivyo hivyo: ukiyatia nyanya kabla hayajaiva, utamaliza gesi.

Wazee wetu walijua upande wa pili wa jambo hili. Kule Magharibi walichuja maji kupitia majivu ya maganda ya maharagwe, wakapata maji ya chumvichumvi yanayolainisha mboga. Mjini tunatumia magadi, yale mawe meupe yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kajiado. Yote mawili ni kinyume cha asidi, kwa hivyo gundi inalegea haraka na kijani kinabaki kikali. Lakini magadi yana bei yake. Yanaharibu vitamini B1 na C, na ukizidisha mboga inateleza na kuonja kama sabuni. Mimi msimamo wangu ni huu: magadi si kosa, ila wengi tunayatumia kufunika uvivu. Kama kunde zako ni changa na umezichambua, huyahitaji. Kama zimekomaa na ndizo ulizopata, tia kidogo sana, robo ya kijiko cha chai kwa mafungu mawili, na uyayeyushe kwanza kwa maji. Magadi hayataondoa uzi wa seveve hata utie kilo.

Wacha nikupe ile sufuria ya kukhu ya siku ya pili, dakika kwa dakika, kwa sababu nilikuwa nikiangalia saa ya simu. Tulikuwa na mafungu mawili ya kunde na fungu moja la seveve. Kuchambua kulituchukua dakika 25, sisi wawili tukiwa tumekaa kitandani na karai katikati. Nakwambia ukweli ili usije ukanitukana baadaye. Peke yako itakuwa zaidi.

Tulichemsha vikombe viwili vya maji na chumvi kidogo. Maji yalipochemka hasa, ndipo kunde zikaingia, bila kufunika. Ukifunika mwanzoni, asidi ya mboga yenyewe inayotoka na mvuke inarudi ndani ya sufuria na kuchafua rangi. Tukageuza mara moja moja. Kunde changa zinataka dakika 15 hivi. Zilizokomaa zinaweza kufika 25 hadi 30. Zetu zilikuwa katikati.

Dakika ya 15 tulitia seveve juu yake. Hapa ndipo wengi hukosea wakichanganya. Seveve zilizochambuliwa vizuri huiva kwa dakika 8 hadi 10, basi ukizitia pamoja na kunde tangu mwanzo zitakuwa zimeyeyuka kabla kunde hazijaiva. Ukizitoa zikiwa sawa, kunde bado mbichi. Kwa hivyo kunde kwanza, seveve baadaye, zikutane mwisho.

Dakika ya 24 kukhu hakuonja jani. Alitafuta kipande kinene zaidi, shina la ncha ya kunde, akalifinya kati ya vidole viwili. Likakubali kubonyea bila kurudi. "Zimeiva," akasema. Jifunze hiyo. Jani laini litakudanganya, lakini shina halidanganyi. Maji yalikuwa yamebaki kama kikombe nusu, na hayo hatukuyamwaga, kwa sababu vitu vingi vilivyotoka kwa majani viko humo.

Kando, kwenye sufuria ndogo, nilikuwa nimekaanga kitunguu kimoja kwa vijiko viwili vya mafuta, nikatia nyanya moja, moja tu, ikaiva mpaka ikavunjika kabisa. Tukamimina mboga na maji yake humo, tukaacha zichemke pamoja dakika tatu, basi. Nyanya ilikuja mwisho, mboga zikiwa tayari zimelainika, na asidi yake haikuwa na kazi tena ya kufanya ila kuleta ladha. Mafuta nayo usiyaache kabisa, kwa sababu ile rangi ya manjano iliyojificha ndani ya majani mabichi, ambayo mwili huigeuza vitamini A, huingia mwilini vizuri zaidi ikiandamana na mafuta.

Kama unapenda maziwa, fanya uamuzi. Maziwa ama nyanya, si vyote. Maziwa yakikutana na asidi yanakatika na kufanya vidonge vidonge. Bila nyanya, tia nusu kikombe cha maziwa mwishoni, punguza moto, yachemke taratibu dakika tano. Watu wa Pwani wataniambia tui la nazi ndilo mfalme wa kunde, na sitabishana nao.

Kukhu alikula akamaliza sahani, akaongeza. Ndipo akaniuliza, akiwa anafuta mikono, "Na ile shule?" Nikamwambia yote, mambo ambayo sikuwa nimeweza kuyasema kwa simu mwaka mzima. Hakufurahi. Lakini tulizungumza mpaka saa tano usiku, na sijui kama tungezungumza kama angelala njaa mara ya pili.

Najua mtaniambia nini. "Boss, natoka kazini saa mbili usiku, nani ana dakika 25 za kuvuta nyuzi?" Ni kweli. Na sitaki uende kumlaumu mama mboga. Yeye anakata kwa sababu sisi tunasimama pale tukisema "nikatie haraka", na hiyo kazi mara nyingi anaifanya bure. Anajua kuchambua kutuliko. Hatumlipi achambue, tunamwomba akate.

Kwa hivyo fanya moja kati ya haya. Siku za wiki kama huna muda, nunua sukuma ama terere, usiharibu kunde. Jumapili nunua kunde na seveve nzima, chambua ukiangalia mechi ama ukipiga stori na mtu. Majani yaliyochambuliwa lakini hayajaoshwa wala kukatwa hukaa siku moja ama mbili yakifunikwa kwa kitambaa chenye unyevu mahali penye baridi, kwa hivyo hata Jumatatu umejipanga. Ama uongee na mama mboga wako: mwachie oda asubuhi, umwongezee shilingi 20 ama 30 akuchambulie, azikate mbele yako baada ya kukuonyesha vikonyo. Vikonyo vya kunde viwe kando, na kikonyo cha seveve ukivunje mwenyewe usikie kama kinasema "kach". Heri hiyo pesa kuliko gesi unayochoma ukijaribu kulainisha kitu kisicholainika.

Wangu wa pale Kangemi sasa akiniona nikija huweka kisu chini kabla sijasema chochote. Na kukhu atarudi mwezi wa nane kuonwa macho tena. Safari hii nitachambua mwenyewe, yeye akae tu.